Maswali ya Lazima, Maswali ya Hiari na Mtahiniwa Aliyejibu Kupita Kiasi

Mgonjwa anapopokelewa na mkunga au tabibu, huamini kwamba cheti alichonacho mtumishi huyo kina maana moja: kwamba mambo ya msingi ya kazi yake alipimwa nayo akayamudu. Imani hiyo hutegemea mambo mengi, na mojawapo ni maelekezo mafupi yanayochapishwa juu ya karatasi ya mtihani, yale yasemayo kwamba mtahiniwa ajibu maswali yote ya Sehemu A na maswali matatu tu kutoka Sehemu B. Mstari huo huamua ni mambo yapi mhitimu hawezi kuyakwepa na ni yapi anaruhusiwa kuyaacha. Huamua pia, pale mtahiniwa anapokiuka agizo lenyewe, kama atafaulu au atafeli. Makala haya yanaeleza kwa nini karatasi hugawanywa hivyo, na jinsi kanuni za uchaguzi zinavyotumika mtahiniwa anapojibu maswali mengi kuliko aliyoagizwa.

Kwa nini karatasi hugawanywa

Mtihani ni sampuli ya maarifa. Muhtasari wa somo moja huweza kuwa na mada thelathini, ilhali saa tatu za mtihani hutosha kwa maswali marefu matano au sita. Kwa hiyo mtungaji hulazimika kuchagua, na uchaguzi wake humpendelea bila kukusudia yule aliyebahatika kusoma zaidi mada zilizotoka. Maswali ya hiari yalibuniwa ili kupunguza bahati hiyo. Vyuo havifundishi mada zote kwa kina kilekile. Kimoja kina mkufunzi hodari wa lishe, kingine kiko karibu na kliniki kubwa ya uzazi wa mpango. Mtahiniwa akipewa maswali matano achague matatu, hupata nafasi ya kuonyesha kina pale alipofundishwa vizuri, wala haadhibiwi kwa mada ambayo chuo chake hakuifikia.

Maswali ya lazima yana kazi iliyo kinyume na hiyo. Huweka eneo ambalo watahiniwa wote wanapimwa kwa kipimo kimoja, ili alama zao ziweze kulinganishwa, na hulinda mambo ambayo hakuna mhitimu anayeruhusiwa kutoyajua.

Mfano ulio wazi ni karatasi ya pili ya Biolojia katika mtihani wa kidato cha nne nchini Kenya, ambao vijana wengi hupitia kabla ya kuingia vyuo vya afya. Katika muundo wake wa miaka mingi, Sehemu A ilikuwa na maswali matano ya lazima yenye jumla ya alama 40. Katika Sehemu B, swali la 6 lilikuwa la lazima, kisha mtahiniwa alichagua ama swali la 7 au la 8, kila moja likiwa na alama 20. Swali la 6 kwa kawaida lilihusu takwimu na kuchora grafu, na yale mawili ya hiari yalikuwa ya insha. Mpangilio huo una mantiki: kusoma takwimu ni ujuzi ambao kila mwanabiolojia anauhitaji, hivyo haukuachwa kwenye hiari, ilhali mada ya kuandikia insha ingeweza kuwa hii au ile bila kuharibu maana ya alama.

Hiari, hata hivyo, ina gharama. Maswali mawili hayawi na ugumu sawa kabisa, hata yakipewa alama sawa. Howard Wainer na David Thissen, wataalamu wa vipimo nchini Marekani, walilieleza tatizo hili mwaka 1994. Ili kujua kama swali la 7 ni gumu kuliko la 8, inabidi kujua waliochagua la 7 wangepata ngapi katika la 8, jambo ambalo halionekani popote kwa kuwa hawakulijibu. Wastani wa alama hausaidii sana. Swali linaloonekana gumu likikimbiwa na wengi, hubaki mikononi mwa wachache walio hodari, na wastani wake huwa juu kana kwamba ni jepesi. Kadiri hiari inavyopanuka, ndivyo alama 60 ya mtahiniwa mmoja inavyozidi kuwa kitu tofauti na alama 60 ya mwenzake.

Katika mitihani ya afya gharama hiyo ni kubwa zaidi, kwa sababu mada zinazoweza kuachwa zinahusu uhai. Ndiyo maana mitihani ya vitendo inayofanywa kwa vituo, aliyoieleza Ronald Harden na wenzake wa Dundee, Uskochi, mwaka 1975, haina hiari. Watahiniwa wote huzunguka vituo vilevile, kengele hulia, na kila mmoja hukutana na kazi ileile kwa muda uleule. Kwa karatasi ya maandishi, mtungaji anaweza kujiuliza swali moja kuhusu kila mada: je, mhitimu anaweza kusamehewa kutolijua jambo hili siku yake ya kwanza kazini? Kifafa cha mimba hakiwezi kupita katika swali hilo kikaangukia upande wa hiari. Historia ya njia za uzazi wa mpango inaweza.

Mtahiniwa mmoja, hesabu nne

Ili kuona kanuni zinavyofanya kazi, tuchukue karatasi ya mfano ya somo la ukunga, ya saa tatu na alama 100. Sehemu A ina maswali mawili ya lazima: la 1 linahusu mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, na la 2 linahusu mtoto mchanga asiyepumua. Sehemu B ina maswali matano, nayo ni upungufu wa damu wakati wa ujauzito (3), uzazi wa mpango (4), unyonyeshaji (5), malaria wakati wa ujauzito (6), na kuzuia maambukizi ya virusi vya ukimwi kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto (7). Mtahiniwa anatakiwa achague matatu. Kila swali lina alama 20, na alama ya kufaulu ni 55.

Mtahiniwa wetu anaanza na Sehemu B kwa sababu anajiamini huko. Anaandika swali la 4, kisha la 7, kisha la 3. Halafu, kwa kuwa anahisi la 4 halikumwendea vizuri, anaongeza la 6 bila kulifuta la 4. Kila swali limemchukua dakika 36, ambazo ndizo saa tatu zikigawanywa kwa maswali matano. Amekwisha kutumia dakika 144. Zimebaki dakika 36 kwa maswali mawili ya lazima, yaani dakika 18 kwa kila moja.

Msahihishaji anampa alama 9 katika swali la 4, 15 katika la 7, 12 katika la 3, na 14 katika la 6. Katika Sehemu A anapata 8 na 9, jumla 17 kati ya 40. Sasa swali ni moja: amepata ngapi?

Kanuni ya kwanza husema yahesabiwe majibu matatu ya mwanzo kwa kufuata mpangilio yalivyoandikwa katika kijitabu. Hayo ni la 4, la 7 na la 3: 9 na 15 na 12, jumla 36. Ukijumlisha 17 za Sehemu A, amepata 53. Amefeli.

Kanuni ya pili husema yafuatwe matatu ya mwanzo kwa namba za maswali. Hayo ni la 3, la 4 na la 6: 12 na 9 na 14, jumla 35. Pamoja na 17, amepata 52. Amefeli pia, lakini kwa alama nyingine.

Kanuni ya tatu husema majibu yote yasahihishwe, kisha yachukuliwe matatu yaliyo bora. Hayo ni la 7, la 6 na la 3: 15 na 14 na 12, jumla 41. Pamoja na 17, amepata 58. Amefaulu.

Hesabu ya nne si kanuni, ni kosa: kujumlisha kila kitu kilichomo. Hapo Sehemu B inakuwa 50 na jumla yote 67. Kosa hili ni hatari kwa sababu halijionyeshi. Mtu angedhani kwamba jumla iliyozidi kiasi ingepita 100 na kumshtua mhakiki, lakini 67 ni alama ya kawaida kabisa. Hutokea hasa pale kila msahihishaji anaposahihisha swali moja tu katika vijitabu vyote. Anayesahihisha la 7 hajui kwamba mtahiniwa huyuhuyu amejibu mengine matatu. Kwa hiyo mhakiki hapaswi kutazama jumla peke yake. Ahesabu ni visanduku vingapi vya Sehemu B vyenye alama. Vikiwa vinne badala ya vitatu, kijitabu kirudishwe kabla jumla haijaandikwa.

Ipi ni ya haki

Kanuni ya majibu ya mwanzo ina fadhila ya urahisi. Msahihishaji hasomi zaidi ya inavyotakiwa, na agizo la karatasi linabaki kuwa agizo. Udhaifu wake ni kwamba mpangilio wa kuandika hausemi lolote kuhusu ujuzi. Mtahiniwa aliyeanza na jibu lake dhaifu anapoteza, na aliyeanza na lililo bora hapotezi kitu, ingawa wote wawili wamefanya kosa lilelile. Kanuni ya namba za maswali ni mbaya zaidi, kwa kuwa namba huwekwa na mtungaji na mtahiniwa hana mkono ndani yake.

Kanuni ya majibu bora ndiyo inayotumiwa na OCR, mojawapo ya mabaraza ya mitihani ya Uingereza. Miongozo yake ya usahihishaji huelekeza kwamba mtahiniwa akijibu maswali ya hiari kupita idadi, yote yasahihishwe na apewe alama ya juu kabisa inayoruhusiwa na maelekezo ya karatasi. Hoja yake ni kwamba mtahini hapaswi kumnyima mtu alama ya kazi aliyoifanya kweli, na kwamba muda alioupoteza kwa swali la ziada ni adhabu ya kutosha.

Hata hivyo, kanuni hii nayo ina upendeleo mdogo uliojificha. Mfano wa dadu, zile za kuchezea ludo, unausaidia kueleweka. Mtu akirusha dadu tatu mara nyingi, wastani wa jumla yake ni 10.5. Akirusha dadu nne na kuondoa iliyo ndogo kuliko zote, wastani hupanda hadi karibu 12.2, ingawa dadu ni zilezile na hakuna ustadi ulioongezeka. Alama za insha nazo zina chembe ya bahati: swali lililomlenga vizuri, msahihishaji aliyekuwa mpole. Anayejibu manne na kuhesabiwa matatu bora amepata nafasi moja zaidi ya bahati hiyo kuliko mwenzake aliyetii agizo. Kwa mwandishi wa kasi faida hiyo yaweza kuwa kubwa kuliko hasara ya muda.

Kwa hiyo hakuna kanuni isiyo na kasoro. La muhimu zaidi ni kwamba kanuni iwe imeandikwa kabla ya usahihishaji, ijulikane kwa watahiniwa, na itumike kwa wote. Kinachoharibu haki kabisa ni msahihishaji kuchagua kanuni baada ya kuona alama: kumpa huyu majibu bora kwa sababu amebakiza alama mbili afaulu, na kumpa yule majibu ya mwanzo kwa sababu mwandiko wake unachosha.

Orodha iliyozidi na jibu lililofutwa

Tatizo hilihili hujitokeza kwa umbo dogo ndani ya swali moja. Tuseme swali linadai dalili nne za hatari kwa mtoto mchanga, na mtahiniwa anaorodhesha sita kwa mpangilio huu: kushindwa kunyonya, kupiga chafya, degedege, kupumua kwa haraka, mwili kuwa wa baridi, na kuamka usiku kunyonya. Ya pili na ya sita si dalili za hatari. Ni mambo ya kawaida kwa mtoto mchanga.

Kwa maswali ya orodha fupi, OCR haitumii kanuni ya majibu bora. Huelekeza kwamba isahihishwe idadi iliyodaiwa tu, kuanzia kushoto kwenda kulia na mstari baada ya mstari, na yaliyobaki yasisahihishwe. Mtahiniwa huyu angepata 3 kati ya 4. Upo utaratibu mwingine ambamo kila jibu lisilo sahihi hufuta moja lililo sahihi. Hapo angepata 2. Kama yangehesabiwa yaliyo bora, angepata zote 4.

Tofauti na insha ina sababu yake. Jibu la ziada la insha limemgharimu mtahiniwa nusu saa ya kazi, lakini neno la ziada katika orodha halimgharimu kitu. Anayeandika kila anachokumbuka humwachia msahihishaji kazi ya kutenganisha kweli na uongo, na kutenganisha huko ndiko hasa kunakopimwa. Wodini, muuguzi anayeona kila kitu kuwa dalili ya hatari hamsaidii mama kujua lini amrudishe mtoto hospitali. Kwa mantiki hiyo, mtahiniwa anayeweka alama kwenye herufi mbili katika swali la kuchagua lenye jibu moja tu sahihi hapati kitu, hata kama mojawapo ndiyo yenyewe.

Jibu lililofutwa kwa mstari lina kanuni yake. Katika miongozo ya OCR, palipo na jibu mbadala lililo wazi, lililofutwa halisahihishwi. Pasipo na mbadala, na kama maandishi bado yanasomeka, msahihishaji anaweza kumpa mtahiniwa faida ya shaka. Tukirudi kwa mtahiniwa wetu, mstari mmoja wa kalamu juu ya swali la 4 ungemaliza utata wote: yangebaki la 7, la 3 na la 6, jumla 41, chini ya kanuni yoyote ile.

Namba iliyosahaulika

Msomaji aliyefuatilia mfano huu huenda ameshughulishwa na ule mvutano wa 53 na 58. Lakini namba iliyo nzito zaidi ni 17 kati ya 40 katika Sehemu A. Swali la kwanza lilihusu mama anayevuja damu. Kwa dakika 18, mtahiniwa alitaja kusugua mfuko wa uzazi na kutoa oksitosini, akakatikia hapo. Hakufika kwenye kukagua kama kondo la nyuma limetoka zima, kutafuta michaniko ya njia ya uzazi, wala kutoa asidi ya traneksamiki ndani ya saa 3 tangu kujifungua. Kwa kanuni ya majibu bora anafaulu kwa alama 58, na alama za malaria na virusi vya ukimwi ndizo zinazoziba pengo la damu.

Hapa ndipo maswali ya lazima yanapopoteza maana yake kama hayakulindwa. Kulifanya swali kuwa la lazima humfanya mtahiniwa aliandikie tu, hakumfanyi alimudu. Alama za sehemu zikijumlishwa bila masharti, udhaifu wa lazima hufidiwa na ubora wa hiari. Tiba yake ni kuweka sharti la pili: mtahiniwa afikie jumla ya kufaulu, na pia apate angalau nusu ya alama za Sehemu A. Kwa sharti hilo mtahiniwa wetu anahitaji 20, naye ana 17. Hafaulu, iwe Sehemu B imehesabiwa 35, 36 au 41. Kanuni ya uchaguzi iliyokuwa ikiamua hatima yake inakuwa jambo la pili, na cheti kinarudi kwenye kile ambacho mgonjwa hukiamini.

Kwa chuo kinachotaka kuyaweka haya kwenye ukurasa wa kwanza wa karatasi, maneno machache yanatosha:

«Jibu maswali yote mawili ya Sehemu A, kisha maswali matatu tu ya Sehemu B. Andika namba za maswali uliyojibu kwenye jalada la kijitabu. Ukijibu zaidi ya matatu katika Sehemu B, futa kwa mstari mmoja jibu usilotaka lihesabiwe. Usipofuta, yatahesabiwa matatu yenye alama za juu. Ili kufaulu, lazima upate alama 20 au zaidi katika Sehemu A, na jumla ya alama 55 au zaidi.»

Mtahiniwa anayesoma maelekezo hayo anajua aanzie wapi. Ataanza na Sehemu A, akiwa bado na saa tatu kamili mbele yake.